Kituo cha maelekezo ya dawa kwenye mtihani wa famasi: kusalimu, kupima uelewa na kufunga mazungumzo

Mtihani wa vituo, ule unaoitwa OSCE, ambao mtahiniwa huhama kituo hadi kituo akifanya kazi moja kila mahali kwa muda uliopangwa, ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975 na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti. Kwa upande wa famasi, kituo kinachoangusha wengi ni kile cha kumpa mgonjwa maelekezo ya dawa. Wanaoanguka hapo kwa kawaida dawa wanaijua. Kinachowaponza ni kwamba wanasema yote waliyosoma, kengele inalia, na mgonjwa anatoka na kosa lilelile aliloingia nalo.

Mwongozo huu unashika kisa kimoja tu na kukifuata kuanzia mlangoni hadi kengele. Mgonjwa ni mama wa miaka 58 mwenye baridi yabisi. Ameandikiwa methotreksati miligramu 10 mara moja kwa wiki kwa vidonge vya miligramu 2.5, na asidi ya foliki miligramu 5 mara moja kwa wiki, siku tofauti. Kituo ni cha dakika 8, na kabla yake unapewa dakika 1 au 2 za kusoma maelezo nje. Tumechagua methotreksati kwa sababu kosa lake kubwa, kuimeza kila siku badala ya mara moja kwa wiki, linaweza kuua. Kwa hiyo swali la "je, huyu mgonjwa ameelewa?" hapa si la adabu tu.

Nje ya mlango

Usitumie dakika hiyo kukumbuka kila kitu kuhusu dawa. Fanya mambo mawili.

Kwanza, soma cheti kama mtu anayetafuta kosa. Kama kimeandikwa "kila siku" badala ya "kila wiki", kituo chako kimebadilika: hutoi maelekezo, unasimamisha dawa na kuwasiliana na aliyeandika. Kwa kisa chetu cheti kiko sawa. Piga hesabu: miligramu 10 ni vidonge 4 vya miligramu 2.5. Wiki nne ni vidonge 16. Asidi ya foliki ni vidonge 4 kwa muda huohuo. Namba hizi zishike, utazihitaji baadaye kwa kazi ambayo wengi hawaifikirii.

Pili, chagua mambo matatu ambayo mgonjwa lazima atoke nayo hata kama mengine yote yatapotea. Kwa huyu mama ni haya: siku moja tu kwa wiki, dalili za hatari na cha kufanya zikitokea, vipimo vya damu. Hayo matatu ndiyo utakayopima mwishoni. Mtu asiyechagua mapema hufika dakika ya sita hajui apime nini, ndipo anapoangukia kwenye "umeelewa, mama?"

Salamu: sekunde 60 zenye kazi nyingi

Salamu nzuri kwenye kituo inafanya kazi nne: kumheshimu mgonjwa, kujitambulisha, kuhakikisha ni mtu sahihi, na kumwomba ridhaa. Inaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu ukae. Mimi naitwa Juma, ni mwanafunzi wa famasi. Leo mimi ndiye nitakayekueleza kuhusu dawa zako. Kabla sijaendelea, naomba uniambie majina yako kamili na tarehe yako ya kuzaliwa."

Angalia kwamba mama ndiye anayetaja jina. Ukisema "wewe ndiye mama fulani?" mtu mwenye maumivu, au asiyesikia vizuri, ataitikia tu. Mtahini anataka kuona vitambulisho viwili, yaani jina na tarehe ya kuzaliwa, na anataka kuona ukilinganisha na cheti kilicho mkononi, kwa macho, si kwa kupitia tu. Uliza pia kama dawa ni zake mwenyewe au amemchukulia mtu. Kwenye baadhi ya vituo aliyeingia ni binti au mume wa mgonjwa, na asiyeuliza hupoteza dakika tatu akimwambia "utameza" mtu ambaye hatameza chochote.

Kisha ridhaa na ajenda kwa pumzi moja: "Ningependa tuzungumze kama dakika saba hivi: namna ya kutumia dawa hizi, mambo ya kuangalia, na maswali yako. Hapa tuko wawili tu. Ni sawa tukiendelea?" Subiri jibu. Ridhaa isiyosubiri jibu haihesabiwi, na watahini wanaona haraka nani anaimba mistari aliyokariri.

Salamu zetu zinaweza kurefuka: za nyumbani, za watoto, za tangu juzi. Kituoni weka moja au mbili, kisha geuka kwenye kazi. Upande wa pili, usiruke kabisa. Anayeanza na "naomba tarehe ya kuzaliwa" kabla ya shikamoo hupoteza alama za mawasiliano ambazo hazirudi. Na "hujambo mama, unaendeleaje?" usiitumie kama swali la kitabibu. Jibu lake ni "nzuri" au "namshukuru Mungu" hata kwa mtu asiyeweza kufunga vifungo vya nguo.

Baada ya salamu kuna maswali ya usalama. Uliza mzio, dawa nyingine anazotumia pamoja na za kununua mwenyewe na za mitishamba, na magonjwa mengine, hasa ya ini, figo na mapafu. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa ungeuliza ujauzito, kwa kuwa methotreksati hudhuru mimba. Kwa mama wa miaka 58 unahakikisha tu kwamba hedhi imekwishakoma. Kwenye kisa hiki, ukiuliza "kuna vidonge unavyonunua mwenyewe kwa ajili ya maumivu?", anajibu kwamba hutumia ibuprofeni kila anapozidiwa. Shika jibu hilo. Linaonekana dogo, lakini ndilo ufunguo wa kituo kizima.

Maswali matatu kabla ya kuanza kueleza

Huduma ya afya ya Wahindi Wekundu wa Marekani ilieneza utaratibu wa maswali matatu ambao vyuo vingi vya famasi vinaufundisha hadi leo. Kwa maneno ya kwetu ni haya: daktari amekwambia dawa hii ni ya nini? Amekwambia uitumieje? Amekwambia utarajie nini?

Faida yake ni kwamba unapima kabla ya kumwaga maelezo. Anachokijua hukifundishi tena. Unakithibitisha na kusonga mbele. Kwenye dakika 8 huko ni kuokoa muda mwingi.

Mama yetu anajibu swali la kwanza: "Ni ya haya maumivu ya viungo." Wanafunzi wengi husikia jibu sahihi hapo, wanasema "vizuri sana" na kuendelea. Jibu ni nusu sahihi. Methotreksati haitulizi maumivu kama ibuprofeni. Inapunguza nguvu ya kinga ya mwili inayoshambulia viungo, na huchukua wiki 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi, kabla mgonjwa hajaona tofauti. Mtu anayeamini ni dawa ya maumivu ataitumia kama anavyotumia dawa ya maumivu: akizidiwa, anaongeza. Huyu tayari amekwambia kwamba ibuprofeni humeza akizidiwa.

Kwa hiyo palepale uliza swali moja la kuchimba: "Kwa hiyo mama, siku maumivu yakiwa makali, hii dawa unafikiri utaitumiaje?" Ukibahatika atasema "nitaongeza kimoja" na umelipata kosa dakika ya pili. Asipolisema, litajitokeza kwenye kupima uelewa. Waandishi wa vituo hupenda kuficha kosa la namna hii kwenye karatasi ya mwigizaji anayecheza mgonjwa, kwa maelekezo kwamba alitoe tu akiulizwa vizuri.

Kueleza kwa mafungu

Dakika tatu za katikati zigawe mafungu matatu, na baada ya kila fungu utue kidogo. Hatutaingia kwa urefu, maana maelezo ya dawa yako kwenye vitabu vyako. Yanayohusu mtihani ni haya.

Fungu la kwanza ni siku. Toa vidonge, mshikishe mama pakiti. "Hii ndiyo methotreksati. Unameza vidonge vinne, vyote kwa pamoja, siku ya Jumatatu. Jumatatu peke yake. Jumanne hadi Jumapili hii pakiti huigusi." Kisha: "Hii nyingine ni asidi ya foliki. Unameza kimoja, siku ya Alhamisi. Inasaidia kupunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu." Aina zote mbili mara nyingi huwa vidonge vidogo vya manjano, kwa hiyo zitenganishe mbele ya macho yake na mwonyeshe maandishi kwenye lebo. Kama cheti kinataja utaratibu mwingine wa asidi ya foliki, maana upo zaidi ya mmoja, fuata cheti.

Hapa ndipo namba 16 inapofanya kazi. Mwambie: "Nimekupa vidonge 16 vya methotreksati. Ni vya wiki nne kamili. Vikiisha kabla ya wiki nne, ujue kuna kosa, uje hapa siku hiyohiyo." Mgonjwa anayekosea na kumeza vinne kila siku atavimaliza kwa siku nne, umemwachia kengele ya nyumbani. Akisahau Jumatatu, anaweza kumeza ndani ya siku mbili zinazofuata. Zikipita, anaacha mpaka Jumatatu nyingine, na hakuna kurudisha dozi mbili pamoja.

Fungu la pili ni dalili za hatari: homa au koo kuuma, vidonda mdomoni, michubuko au kutoka damu bila sababu, kikohozi kikavu kipya au kushindwa kupumua, macho kuwa ya manjano. Zote usizipe uzito sawa na maudhi madogo kama kichefuchefu. Ukichanganya orodha moja ndefu, mgonjwa anakumbuka kichefuchefu na kusahau homa. Sema wazi kitendo: "Ukiona mojawapo ya haya, usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali siku hiyohiyo, na waambie unatumia methotreksati."

Fungu la tatu ni vipimo vya damu, ambavyo mwanzoni mara nyingi hufanywa kila wiki mbili kuangalia chembe za damu, ini na figo, na dawa za kuepuka. Kwa dawa za kuepuka taja mbili tu zenye maana kwake. Ibuprofeni, asiendelee kuinunua mwenyewe kabla ya kuzungumza na daktari anayemtibu viungo, kwa sababu inaweza kupunguza kasi ya figo kutoa methotreksati. Kwa maumivu ya sasa parasetamoli ni salama zaidi. Na kotrimoksazoli, ambayo ikikutana na methotreksati inaweza kuangusha uzalishaji wa damu kwenye uboho. Pombe itaje kwa sentensi moja, kwamba inaongezea ini mzigo.

Kupima uelewa

Hapa ndipo alama nyingi zinapotea. Wanafunzi hufanya mojawapo ya makosa mawili. La kwanza ni "umeelewa?", swali ambalo mtu mzima mbele ya kijana mwenye koti jeupe atalijibu "nimeelewa" hata kama hakusikia. La pili ni "hebu rudia nilichosema", ambalo linamfanya mama wa watu ajisikie yuko darasa la pili.

Njia inayofanya kazi ina sehemu tatu.

Kwanza, beba mzigo wewe. Kinachopimwa ni maelezo yako, si akili ya mgonjwa. "Mama, nimeongea mambo mengi kwa haraka. Nataka nijue kama nimeyaeleza vizuri."

Pili, uliza juu ya kitendo, si maneno. Mweke kwenye siku halisi na hali halisi: "Ukifika nyumbani, mtu akakuuliza hizi dawa unazitumiaje wiki nzima, utamwambiaje?" Mtu anaweza kukariri "mara moja kwa wiki" bila kujua maana yake kwa siku ya Jumatano. Akieleza wiki nzima, kosa halina pa kujificha.

Tatu, nyamaza. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Ukimsaidia kumalizia sentensi, umejipima mwenyewe.

Hivi ndivyo inavyokwenda kwa mama yetu:

"Hizi nameza nne Jumatatu. Na hii moja Alhamisi."

"Sawa kabisa. Na siku nyingine?"

"Siku nyingine simezi. Labda tu yale maumivu yakizidi usiku, naongeza kamoja."

Hapo kosa limetoka. Tazama vitu viwili. Nusu ya kwanza ya jibu ilikuwa sahihi kabisa, na angekuwa ameshapewa tiki kama aliyeuliza angeishia hapo. Kilicholitoa kosa ni swali fupi la "na siku nyingine?" Kwa dawa yoyote inayomezwa kwa vipindi, uliza na siku zisizo za dawa.

Sasa majibu yako. Usiseme "hapana mama, umekosea". Usishtuke usoni pia. Mwigizaji ameambiwa akinyanyaswa anyamaze. Lakini usilainishe mpaka hatari ipotee. Hili ndilo jambo gumu, kusema jambo zito kwa sauti ya upole:

"Nashukuru umelisema hilo, mama, maana hapo sikueleza vizuri. Hii dawa haitulizi maumivu ya usiku huo. Inafanya kazi polepole kwa wiki kadhaa. Ukiongeza hata kimoja katikati ya wiki, maumivu hayatapungua, na dawa inaweza kujaa mwilini ikaharibu damu yako. Kuna watu wamepoteza maisha kwa kuimeza kila siku. Maumivu yakizidi, unatumia parasetamoli kama tulivyosema, na hii pakiti unaiacha mpaka Jumatatu."

Maelezo hayo ni mafupi, yana sababu, na yanampa mbadala. Bila mbadala, mtu mwenye maumivu saa nane usiku atatumia kilichopo. Halafu lazima upime tena, lakini sehemu iliyovunjika tu: "Kwa hiyo tuseme ni Jumatano usiku, magoti yanauma huwezi kulala. Utafanya nini?" Akijibu "nachukua parasetamoli, hizi nangoja Jumatatu", umemaliza. Wengi hurekebisha vizuri kisha wanaendelea bila kurudi kupima, na mtahini hana namna ya kujua kama marekebisho yameingia. Duara halijafungwa.

Akikosea mara ya pili, usirudie maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Badili njia. Chora siku saba kwenye karatasi, weka alama Jumatatu na Alhamisi, mpe yeye kalamu aonyeshe. Akikosea tena, sema wazi kwamba ungependa kumshirikisha mtu wa nyumbani kwa ridhaa yake, na kwamba leo hutamkabidhi dawa kabla ya kuwa na uhakika. Kwenye mtihani uamuzi huo hauhesabiwi kuwa kushindwa. Ni uamuzi wa kitaalamu, useme kwa sauti.

Je, upime yote? Hapana. Yale matatu tu. Siku umeshaipima. Dalili za hatari pima kwa hali, "ukiamka na homa na koo linauma, utafanyaje?", si kwa kumtaka ataje zote. Akijibu "nitakunywa dawa ya homa nilale", umepata kosa jingine la kurekebisha. Vipimo: "daktari amekupangia lini kutoa damu?" Tatu zikipita, acha. Kupima kila fungu kwa urefu huo kunakula dakika nne na kumchosha mgonjwa, kati ya mafungu inatosha kumwangalia uso, au kuuliza "hapa pamekaaje?" kabla ya kusonga.

Kufunga

Kufunga kuanze ukiwa na dakika moja iliyobaki, si kengele ikilia. Toa ishara: "Mama, tunakaribia kumaliza." Ishara hii humfanya mgonjwa alitoe lile swali alilolificha, na ni bora alitoe sasa kuliko akiwa mlangoni.

Swali la kufunga lisiwe "una swali?" Jibu lake karibu siku zote ni "sina". Sema: "Kuna nini ambacho bado kinakupa wasiwasi kuhusu hizi dawa?" Ngoja. Mwigizaji mwenye mstari uliofichwa, labda "nimesikia hii ni dawa ya saratani", anangoja swali la namna hiyo. Ukiulizwa, jibu kwa sentensi mbili: ni kweli, kwa dozi kubwa zaidi hutumika kwenye saratani, dozi hii ndogo ya kila wiki ni ya kutuliza kinga inayoshambulia viungo. Ukiulizwa usilolijua, usibuni. Sema utaangalia kwenye rejea au utamuuliza daktari wake, na utamjibu lini na kwa njia gani. "Nitaangalia" bila lini ni maneno matupu, na mtahini anajua.

Kisha fumbata mambo matatu, kwa sentensi moja moja, bila jambo jipya hata moja. Hili la jambo jipya ni kosa la mara kwa mara: mtahiniwa anakumbuka pombe sekunde ya 450 na kuitupia mwishoni. Ukisahau kitu kidogo, kiache. Ukisahau kitu cha usalama, rudi nacho waziwazi, "kuna jambo moja la muhimu nililoliacha", ulieleze na ulipime.

Baada ya hapo mwekee njia ya kurudi. Tatizo lipi, afanye nini, aende wapi: "Homa, vidonda mdomoni, michubuko, kushindwa kupumua, macho ya manjano: hospitali siku hiyohiyo. Ukiwa na swali dogo, rudi hapa famasi." Maneno ya "ukiona tatizo lolote urudi" hayatoshi, maana mgonjwa hajui lipi ni tatizo. Mkabidhi karatasi ya maelezo, mwonyeshe mstari wa siku ya Jumatatu kwenye lebo, taja tarehe ya kipimo cha damu, na umuage: "Asante mama, ugua pole." Ungoje aitikie kabla hujageukia karatasi zako.

Kengele ikikukuta uko nyuma, kuna mpangilio wa kutupa mizigo. Ukibakiwa na dakika mbili na hujamaliza maelezo, acha maudhi madogo, acha pombe. Uliza swali moja la wiki nzima, rekebisha, taja dalili za hatari na pa kwenda. Kituo kilichofungwa kwa haraka lakini kwa usalama hupata alama zaidi kuliko kilichojaa maelezo na kukatika katikati ya sentensi.

Namna ya kufanyia mazoezi

Mkae watatu: mmoja mfamasia, mmoja mgonjwa, mmoja mtahini mwenye saa. Mgonjwa apewe kikaratasi chenye kosa moja ambalo mfamasia halijui. Masharti ya kikaratasi yawe makali: ukiulizwa "umeelewa?", jibu "ndiyo". Ukiulizwa utafanya nini katika hali fulani, toa kosa lako. Mkifanya hivyo, mfamasia anajua mara moja kama swali lake linafanya kazi au la, bila kuhitaji mtu wa kumsifu.

Mtahini asiandike maoni ya jumla. Aandike vitu vinne: dakika ambayo kupima uelewa kulianza, maneno halisi ya swali lililoulizwa, kama kosa lilitoka, na kama baada ya kurekebisha palipimwa tena. Kupima kukianza baada ya dakika ya 6 na nusu, tatizo liko kwenye mafungu ya katikati, yamerefuka. Pima kila fungu kwa saa peke yake. Kosa likitoka na lisipimwe tena, rudieni dakika mbili hizo tu, si kituo kizima.

Mkishazoea, badilisheni kosa la kikaratasi mkiacha cheti kilekile. Mara mgonjwa anaamini asidi ya foliki ndiyo ya vidonge vinne. Mara anasoma "Jumatatu" kwenye lebo lakini hataji kwamba dozi ya mwisho aliyopewa hospitali ilikuwa juzi Jumamosi. Mara anaelewa kila kitu ila ataacha dawa wiki ya tatu kwa kuwa haoni nafuu. Hili la mwisho ndilo gumu zaidi kulipata, kwa sababu kwenye swali la siku na swali la homa atajibu sahihi. Linatoka kwa swali la tatu kati ya yale ya mwanzo, la anatarajia nini, likiulizwa tena mwishoni: "Tuseme wiki ya tatu imefika na viungo bado vinauma vilevile. Utafanyaje?"